Barua Iliyotoka Kibaha Kwenda Kisarawe

Mwezi wa Rajabu uliopita nyumba yetu ya Kibaha iliandika barua kwenda kwa nyumba moja ya Kisarawe, kuomba ruhusa ya kwenda kujitambulisha kwa niaba ya kijana wetu. Barua yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja, lakini ilituchukua jioni tatu kuiandika. Vijana wa nyumbani walishangaa, kwa kuwa siku hizi barua za namna hiyo hunakiliwa kwenye simu, zikabadilishwa majina na kuchapwa stesheni kwa muda wa robo saa. Tumeona tueleze kilichotuchukua jioni hizo tatu, kwa kuwa jambo lililotukabili huenda linazikabili nyumba nyingine za Pwani. Majina tumeyaficha kwa heshima ya pande zote mbili.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Binti tuliyemkusudia ni yatima wa baba. Baba yake alifariki binti akiwa mdogo, na babu yake mzaa baba alikuwa amekwisha kutangulia. Mama yake alirejea kwao Kisarawe, na binti akalelewa na mjomba wake, ndugu wa mama. Mjomba huyo ndiye aliyemsomesha, akamuuguza, akamsimamia mpaka akawa mtu mzima. Upande wa baba amebaki baba mdogo, ndugu wa marehemu, anayeishi Mkuranga. Kaka yake binti ni mmoja tu, naye ni mtoto ambaye hajabaleghe. Sasa barua yetu iandikwe kwa nani?

Jioni ya kwanza tulizungumza hilo peke yake. Mmoja wetu alisema barua iende kwa mjomba, kwa sababu ndiye mwenye nyumba na ndiye aliyelea. Mwingine alisema iende Mkuranga kwa baba mdogo, kwa sababu ndiye walii. Kila mmoja alikuwa na hoja, na hoja zote mbili zilikuwa za kweli katika mahali pake.

Katika fiqhi ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, walii wa ndoa hutoka upande wa baba. Wa kwanza ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha kaka wa baba na mama mmoja, kisha kaka wa baba mmoja, kisha watoto wa kiume wa makaka hao, ndipo hufuata ami, yaani baba mkubwa au baba mdogo. Mtoto ambaye hajabaleghe hawezi kuwa walii, basi kwa binti huyu zamu ilikuwa imemfikia baba mdogo. Mjomba hayumo katika safu hiyo hata akiwa amelea kwa miaka ishirini. Akiozesha kwa nafsi yake, hali walii yupo na hakumpa idhini, ndoa hiyo kwa Mashafi haisihi.

Lakini mila nayo ina neno lake. Bibi yetu, ambaye ni Mzaramo wa asili, alitukumbusha kwamba kwa Wazaramo wa zamani ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya watoto wa dada yake. Uislamu ulipoenea Uzaramoni mambo ya mirathi na uwalii yalielekea upande wa baba, lakini heshima ya mjomba haikuondoka. Mpaka leo, katika posa nyingi za Pwani, pamoja na mkaja wa mama huulizwa kilemba cha mjomba. Bibi akasema: “Mkimruka mjomba, mtakuwa mmeingia katika nyumba ya mtu kwa dirishani. Na mkimruka baba mdogo, mtakuwa mmeingia kwa mlango ambao si wenye nyumba walioufungua.”

Maneno hayo ndiyo yaliyotupa njia. Tulitambua kwamba barua ya kujitambulisha si barua ya posa, na posa si akdi. Uwalii ni sharti katika akdi. Barua yetu haikuwa inaomba kuozeshwa. Ilikuwa inaomba mlango ufunguliwe ili tuingie tusalimie. Mwenye kufungua mlango ni mwenye nyumba, naye ni mjomba. Hivyo barua iliandikwa kwa mjomba, na ndani yake tukamtaja baba mdogo kwa cheo chake na kuomba naye apewe habari na awepo. Kwa namna hiyo hatukumpa mjomba haki ambayo sheria haikumpa, wala hatukumnyima heshima aliyoichuma kwa jasho lake. Yapo pia maelezo mengine yanayotuliza moyo: walii anaweza kumfanya mjomba kuwa wakili wake siku ya akdi, naye akaozesha kwa niaba yake. Lakini hilo ni lao kulipanga, wala si la kuandikwa katika barua ya wageni.

Jioni ya pili tulizungumza yale yatakayoandikwa. Kijana mmoja wa nyumbani alikuwa ameleta mfano alioupata kwenye simu. Mfano huo ulianza kwa mashairi ya ua na bustani, ukasema “tumeona ua katika bustani yenu na tumekuja kulichuma,” kisha ukaomba kutajiwa mahari. Mzee wetu aliurudisha kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba barua hiyo haikusema ni binti yupi. Katika nyumba ya Kisarawe wamo mabinti watatu: wawili ni watoto wa mjomba mwenyewe. Barua isemayo “binti yenu” tu ingeweza kuleta fadhaa kubwa, mama mmoja akafurahi kwa jambo lisilo lake. Jina la binti na la baba yake, hata kama ni marehemu, ni lazima yatajwe wazi mara moja, kwa adabu, bila ya sifa za umbo lake.

Sababu ya pili ni kwamba barua hiyo ilichanganya hatua. Mwenye kuomba kutajiwa mahari amekwisha kuposa. Nasi tulikuwa bado hatujui hata kama binti ameposwa na mtu mwingine. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuposa juu ya posa ya ndugu yake mpaka yule wa kwanza aache au ampe ruhusa, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Kwa ajili hiyo barua ya mwanzo inapaswa kuacha nafasi ya upande wa pili kusema, “Ahsanteni, lakini mmetanguliwa,” pasipo mtu kuaibika. Ukiandika kana kwamba jambo limekwisha kukubaliwa, huwaachii wenzako njia ya kukataa kwa upole.

Liko na la sheria za nchi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeruhusu mtu kudai fidia mahakamani kwa kuvunjwa ahadi ya ndoa, na kudai kurudishiwa zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa ambayo haikufungwa. Haimlazimishi mtu kuoa wala kuolewa kwa sababu aliahidi, lakini maneno ya ahadi yana uzito wake. Barua ya kujitambulisha isibebe maneno ya ahadi ambayo nyumba haijawa tayari kuyasimamia. Laiti kama binti angekuwa mjane aliye katika eda, jambo lingekuwa zito zaidi, kwani aya ya 235 ya Suratul Baqara imeruhusu kudokeza tu katika kipindi hicho, na haikuruhusu kufunga azma ya ndoa mpaka eda imalizike. Katika hali hiyo hata barua yetu ingesubiri.

Baada ya hayo barua iliandikwa kwa mkono, na ilikuwa hivi:

“Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kwa Mzee wetu mpendwa, Kisarawe.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, tunatumaini barua hii itawakuta nyote katika afya njema na amani. Sisi huku Kibaha tu wazima, alhamdulillah.

Sisi ni familia ya Mzee Fulani, wenye asili ya Mlandizi, na makazi yetu ni Kibaha, Maili Moja. Kijana wetu, Fulani bin Fulani, mwenye umri wa miaka 28, fundi wa umeme, ametuarifu kwamba ana nia njema juu ya binti yenu, Fulani binti wa marehemu Fulani, ambaye yupo chini ya malezi yenu. Kijana wetu hajapata kuoa.

Kwa hiyo tunaomba, mkiona inafaa, na ikiwa hakuna aliyetutangulia, mturuhusu tufike nyumbani kwenu kujitambulisha, ili mtujue nasi tuwajue. Tunaomba pia ndugu yetu wa Mkuranga, ami yake binti, apewe habari hii na, ikiwezekana, awepo siku hiyo, kwa kuwa tunatambua nafasi yake.

Tunatarajia kuwa watu sita, wanaume wanne na wanawake wawili. Tunapendekeza Jumapili ya mwisho ya Rajabu, baada ya sala ya Adhuhuri, au siku nyingine yoyote itakayowafaa ninyi.

Jibu lenu, la kukubali au la kutoa udhuru, tutalipokea kwa moyo mweupe kupitia kwa mjumbe aliyeleta barua hii. Kilichofuatana na barua hii ni salamu tu. Si sehemu ya mahari wala si kishika uchumba.

Wabillahi tawfiq. Ni sisi ndugu zenu wa Kibaha.”

Msomaji atauliza kilichofuatana na barua ni nini. Kwetu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Pwani, barua hutiwa katika bahasha nyeupe na kufungwa ndani ya leso safi pamoja na fedha kidogo. Sisi tuliweka shilingi 50,000. Tuliona ni vyema kuandika wazi kwamba hizo ni salamu, kwa sababu fedha ambazo hazikuelezwa ndizo zinazozaa mzozo baadaye. Upande mmoja husema zilikuwa zawadi, upande mwingine husema zilikuwa sehemu ya mahari. Mahari ni haki ya mke mwenyewe, kama ilivyo katika aya ya 4 ya Suratun Nisaa, wala haiwi ya mjomba, ya ami wala ya mama. Isianze kuhesabiwa katika leso kabla mwenyewe hajaulizwa.

Jioni ya tatu tulichagua mshenga. Tulimtaka mtu mzima, mwenye haya, asiyekuwa ndugu wa karibu mno wa kijana, ili wa Kisarawe wawe huru kumuuliza habari zetu mbaya pamoja na nzuri. Tulimwagiza mambo matatu: amkabidhi mjomba mkononi, asiongeze neno lisilomo katika barua, na asidai jibu siku hiyohiyo. Mshenga anayedai jibu pale pale huifanya nyumba ijibu kabla haijashauriana, na jibu la namna hiyo mara nyingi hurudi kuvunjwa.

Safari yake nayo ilitufundisha kwa nini tulitaja saa ya baada ya Adhuhuri. Kibaha na Kisarawe zote zimo katika Mkoa wa Pwani, lakini msafiri wa daladala huteremka kwanza kwa Barabara ya Morogoro mpaka jijini, kisha hushika njia ya Gongo la Mboto na Pugu ndipo apande Kisarawe. Mgeni atakayeahidi saa nne asubuhi hufika saa sita, na wenyeji wamekaa na chakula kinapoa. Afadhali kuahidi saa ambayo mtu anaweza kuitimiza.

Siku tisa zilipita pasi na jibu. Wengine kati yetu walianza kusema kwamba kimya kile ni kukubali, na kwamba twende tu. Mzee alikataa. Akasema kimya cha bikira anapotakwa idhini ndicho Mtume (s.a.w.) alichokihesabu kuwa ni idhini yake, kwa sababu ya haya, lakini hukumu hiyo haikupewa nyumba nzima. Nyumba ikinyamaza, huenda inashauriana, huenda ina mgonjwa, au huenda inatafuta namna ya kusema hapana. Tukasubiri.

Siku ya kumi mshenga alirudi na barua. Mjomba aliandika kwa mwandiko wake mwenyewe. Alianza kwa kutushukuru kwa kumtaja ndugu yake wa Mkuranga, akasema kwamba jambo hilo limewarahisishia sana, kwani nyumba hizo mbili zilikuwa hazijakutana tangu matanga ya baba yake binti. Barua yetu ndiyo iliyompa sababu ya kufunga safari kwenda Mkuranga, na ndiko siku zile tisa zilikokwenda. Akasema ami amekubali kuja, lakini Jumapili ile ana udhuru, basi tufike wiki inayofuata, yaani mwanzo wa Shaabani. Idadi ya watu sita wameiridhia. Akasema hakuna aliyetutangulia.

Kisha akaandika maneno ambayo hatukuyatarajia. Alisema kwamba binti amesomewa barua yetu yote, naye ametuma swali moja. Anajifunza ushonaji, na amebakiza miezi minane amalize. Anauliza, ikiwa jambo hili litafika mbele, je, ataachiwa amalize, na baada ya hapo cherehani yake itakuwa na mahali katika nyumba ya Kibaha? Mjomba akamalizia kwa kusema: “Tafadhalini mje na jibu la swali hilo, kwa sababu ami yake na mimi tumekubaliana kwamba hatutamwuliza idhini kabla hajalisikia.”

Barua hiyo ilisomwa mbele ya kijana wetu. Tulimtaka alijibu yeye mwenyewe, si sisi kwa niaba yake, kwa sababu ahadi itakayotolewa kwa mdomo wa wazee ndiyo ambayo vijana huikana baadaye. Alikaa kimya kidogo. Alikuwa amepanga kuomba harusi katika Mfungo Mosi, mara tu baada ya Ramadhani, na miezi minane ilikuwa inamvusha mbali na hapo. Mwisho akasema atasubiri, na kwamba chumba cha mbele kinachotazama barabara, alichokuwa amekikusudia kuweka vifaa vyake vya umeme, kitakuwa cha cherehani. Tukamwambia ayaandike. Akayaandika kwa mkono wake.

Tulikwenda Kisarawe Jumapili ya kwanza ya Shaabani, watu sita kama tulivyosema. Mjomba alitupokea mlangoni, lakini alipotukaribisha ndani alimkalisha ami pale penye heshima, naye mwenyewe akakaa kando yake. Tulijitambulisha mmoja mmoja, kwa jina, kwa asili na kwa udugu na kijana. Hatukutaja mahari wala tarehe. Karatasi ya kijana tulimkabidhi ami, yeye akampa mjomba, na mjomba akampelekea dada yake ndani, mama yake binti. Tulikula, tukaomba dua, tukaondoka kabla ya Alasiri.

Jibu la ndani lilitufikia baada ya siku nne, nalo lilikuwa fupi: leteni posa, na muda wa miezi minane uandikwe ndani yake. Kwa hiyo tunapoandika haya barua ya pili imo mezani. Hiyo inaandikwa kwa ami, kwa kuwa sasa jambo limeingia katika mlango wa uwalii, na mjomba ndiye atakayeipokea na kumfikishia, kwa ombi lao wenyewe.

Kwa nyumba ambazo zinataka kuandika barua ya namna hii, hilo ndilo tulilolipata: kabla ya kutafuta maneno mazuri, juweni kwanza mnamwandikia nani, juu ya binti yupi, na mnaomba hatua gani. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.